Mkasi Uliomnyamazisha Imamu Nawawi

BARAZANI
Na Mwanabaraza

Wiki hii, kati ya Alasiri na Magharibi, mzee mmoja aliyeuza samaki maisha yake yote alikuwa ameketi kwenye baraza ya msikiti mmoja mjini Tanga, akisugua meno kwa mswaki wa mti kama afanyavyo kila Ramadhani. Kijana mmoja akamwamkia shikamoo, akaketi ubavuni pake, akamwonyesha simu. "Babu, tema hiyo. Sheikh amesema funga yako haipo." Mzee akautoa mswaki mdomoni, akautazama, akauweka chini. Hakujibu kitu.

Mwanabaraza alikuwa ameketi hapo karibu, akaomba aione hiyo simu. Wasomaji wa siku zote wanaijua kahawa yake ya baada ya tarawehe, na wanajua kwamba ikipoa bila kuguswa kuna jambo. Usiku ule ilipoa.

Klipu yenyewe ni ya sekunde 58. Inaanza na maandishi makubwa ya njano: KUPIGA MSWAKI MCHANA WA RAMADHANI NI HARAMU! Chini ya maandishi anaonekana sheikh mwenye heshima yake, kitabu wazi mbele yake, akisema kwamba mwenye kufunga asipige mswaki jua likishapinduka. Picha inaruka kidogo. Sheikh yuleyule anasema, "Huyo funga yake imebatilika." Kisha uso wake unafifia, kioo kinakuwa cheusi, kaswida ya huzuni inapanda, na maneno meupe yanajitokeza moja moja: Tafakari. Ni Ramadhani ngapi umepoteza bila kujua?

Kila neno lililotoka kinywani mwa sheikh ni lake kweli. Na klipu nzima ni uongo. Mwanabaraza alilisema hilo palepale barazani, na analirudia hapa bila kupunguza.

Alilisema kwa sababu suala hilo linajulikana na kila aliyekaa kwenye darasa la fikihi ya Kishafii, madhehebu yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu. Hata hivyo hakutaka kumhukumu mtu kwa kukisia. Alirudi nyumbani, akalitafuta darasa lenyewe, akalipata zima, limewekwa na msikiti wenyewe, na linakaribia saa moja. Suala la mswaki liko katikati. Akalisikiliza, kalamu mkononi.

Sheikh alianza kwa kusema kwamba kupiga mswaki ni sunna wakati wote. Akataja kinachovuliwa katika kauli hiyo: kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, ambacho wanafunzi wa Kishafii wamekisoma kwa karne nyingi, kinasema ni makuruhi kwa aliyefunga kupiga mswaki baada ya jua kupinduka. Akaeleza sababu. Harufu ya kinywa cha mfungaji imesifiwa katika hadithi ya Mtume, na kwa kawaida huanza kuzidi mchana ukiingia, kwa hiyo wanazuoni hao wakaona ni bora isiondolewe.

Hapo sheikh akatua, akamtazama mwanafunzi aliyekuwa akimsomea, akauliza: makuruhi ni nini? Akajibu mwenyewe. Makuruhi ni jambo ambalo mwenye kuliacha kwa ajili ya Mungu hupata thawabu, na mwenye kulifanya hapati dhambi. Funga ya aliyepiga mswaki alasiri ni sahihi, haina doa. Kisha akaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: Nawawi huyohuyo, katika kitabu chake kikubwa zaidi, al-Majmu, alichagua kauli kwamba hata huo ukaraha haupo. Na Imamu Abu Hanifa na Imamu Malik hawakuuona mswaki wa mchana kuwa makuruhi kwa mfungaji.

Mwisho akaingia kwenye dawa ya meno. Aitumiaye ajihadhari, maana ina ladha na povu. Akiimeza kwa makusudi huku akikumbuka kwamba amefunga, huyo funga yake imebatilika. Wallahu aalam. Ukurasa ukafunuliwa.

Msomaji ameshaona mkasi ulipopita. Mhariri wa klipu alichukua kauli ya makuruhi, akaacha maelezo ya makuruhi, akamwacha Nawawi wa al-Majmu, akawaacha maimamu wawili, akaruka moja kwa moja hadi kwa mmezaji wa dawa ya meno na kuokota hukumu yake. Hukumu hiyo akambandika mzee wa samaki, ambaye hakumeza kitu. Neno "haramu" halimo katika darasa lile tangu mwanzo wa suala hadi mwisho wake. Limo kwenye maandishi ya njano tu.

Na maandishi ndiyo yanayosomwa. Watu hutazama klipu kwenye daladala, sokoni, kitandani mwenzao akiwa amelala, sauti ikiwa imezimwa. Kwao sheikh hasemi chochote. Kinachosema ni rangi ya njano. Fikihi ina daraja tano za hukumu: wajibu, sunna, mubaha, makuruhi na haramu. Kati ya makuruhi na haramu kuna tofauti ya dhambi na kutokuwa na dhambi. Anayeifuta tofauti hiyo ili kichwa cha habari kivutie ametoa fatwa mpya, na ameitoa kwa sura ya mtu mwingine.

Lingine linalomuudhi Mwanabaraza ni kwamba Waislamu, kuliko watu wote, hawana udhuru wa kutojua mahali pa kukata maneno. Jambo hilo wameliandikia elimu kamili. Katika usomaji wa Kurani kuna somo la wakfu na ibtidai, yaani mahali pa kusimama na mahali pa kuanzia. Katika misahafu mingi utaona herufi ndogo juu ya mistari: mimu inamwambia msomaji lazima asimame, jimu inamruhusu, na lamu-alifu inamwambia asisimame hapo. Imamu Sajawandi, aliyefariki mwaka 560 Hijria, alipanga alama za namna hiyo ili msomaji asiyejua sarufi ya Kiarabu asiivunje maana kwa kuvuta pumzi mahali pasipofaa.

Mfano unaofundishwa watoto madrasani ni Suratul Maun. Aya ya 4 inatoa onyo kali kwa wanaosali. Mtu akiishia hapo, sala yenyewe imekuwa kosa. Aya ya 5 ndiyo inayobainisha kwamba wanaoonywa ni wanaozipuuza sala zao. Wanazuoni wengi wamekubali msomaji avute pumzi mwisho wa aya ya 4, kwa kuwa ni mwisho wa aya, ila aendelee mara moja. Kufunga msahafu hapo na kuondoka ndiko wasikokubali. Kituo kinachogeuza maana wanakiita kabihi, kibaya, na msomaji aliyelazimika kusimama hapo kwa kukohoa hutakiwa arudi nyuma na kuunganisha. Majirani zetu Wakristo wana mfano wao katika Zaburi ya 14: mwondoe mpumbavu anayetajwa mwanzoni, na maneno yanayobaki yanamkana Mungu.

Sasa, aliyefundishwa hayo utotoni, akapewa simu ukubwani, anakata mafunzo ya sheikh wake katikati ya kauli na kuyaacha yasafiri. Anakohoa na harudi nyuma.

Zamani za kaseti jambo hili lilikuwa gumu. Kaseti ya dakika 60 ilikuwa na nusu saa kila upande, na aliyetaka kusikia swali upande A alilazimika kuigeuza ili apate jibu upande B. Aliyesikiliza nusu alijua kwamba amesikiliza nusu. Mtazamaji wa klipu hana njia ya kujua hivyo, kwa sababu klipu imepewa kichwa, mwili na hitimisho, na inajionyesha kuwa imekamilika.

Ila dalili zipo, na Mwanabaraza anazitaja ili kila mtu azione mwenyewe. Sikiliza neno la kwanza: likiwa "lakini" au "kwa hivyo", kilichotangulia kimeachwa nje. Sikiliza sauti ya mwisho: msemaji anayemaliza jambo huishusha, na ikikatika ikiwa juu bado kulikuwa na neno. Tazama mkono na kitabu: katika klipu hii mkono wa sheikh uko kwenye ukurasa, kufumba na kufumbua uko kwenye kilemba. Angalia kama anasema "wamesema" au "sisi tunasema", maana mwalimu wa fikihi huzipanga kwanza kauli za wengine kabla ya kufikia aliyoichagua. Kisha linganisha maandishi na sauti. Hukumu iliyoandikwa ikiwa si ile iliyotamkwa, funga klipu hiyo na usimtumie mtu.

Na anayetaka kukata kwa haki hana kazi ngumu. Aanzie pale suala linapotajwa, aishie pale sheikh anaposema Wallahu aalam, maana mwalimu mwenyewe ameweka mpaka. Maandishi yabebe neno la hukumu kama lilivyotamkwa. Jina la kitabu na tarehe ya darasa viandikwe, na kiungo cha darasa zima kiwekwe. Tafakari ikiwa lazima, iandikwe wazi kwamba ni ya mhariri, na isianze sura ya sheikh ikiwa bado haijafutika machoni. Bila hivyo kila mtazamaji ataondoka akiamini kwamba sheikh ndiye aliyemuuliza juu ya Ramadhani alizopoteza.

Kwa kupitia kijana yule wa barazani, Mwanabaraza alimpata mhariri. Ni kijana mpole, mwenye nia njema, na alijibu kwa adabu: "Mzee wangu, muda haukutosha. Klipu ikirefuka watu hawatazami." Muda? Tangu Oktoba 2024 YouTube inapokea Shorts za hadi dakika 3. Suala zima la mswaki, kuanzia sunna hadi Wallahu aalam, sheikh alilimaliza kwa muda usiofika hapo. Na hata ndani ya sekunde zake 58, maneno mawili ya sheikh, kwamba funga ni sahihi, yangeingia bila kusukumana na chochote.

Zaidi ya hapo, ile tafakari nyeusi yenye kaswida inakula sekunde 9 za klipu. Kwa Imamu Nawawi nafasi ilikosekana, kwa Abu Hanifa na Malik ilikosekana, kwa sheikh aliyekaa na kitabu chake ilikosekana. Kwa maneno ya mhariri ilipatikana.