Jiko la Mkaa Lisiingie Chumbani kwa Mjamzito

Masika yakianza, au baridi ya Juni ikishuka Njombe na Makete, majiko ya mkaa huhamia ndani. Kwa mjamzito hiyo ni hatari, na mkaa ulioshika vizuri ndio unaodanganya zaidi. Moshi wa kuni humchoma mtu macho akatoka mwenyewe. Makaa mekundu humwacha akae, huku yakitoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Gesi hiyo hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Damu ya mtoto aliye tumboni huishika kwa nguvu kuliko ya mama, na huchelewa kuiachia. Ndiyo maana mama anaweza kutoka nje, akapunga upepo na kujiona mzima, ilhali mtoto bado anakosa hewa. Ikiingia nyingi kwa mara moja, mimba inaweza kuharibika au mtoto akafia tumboni. Moshi wa kila siku, wa kuni au mkaa, huongeza uwezekano wa kuzaa njiti au mtoto mwenye uzito mdogo.

Ili kupunguza hatari hiyo, anza na maharage, maana ndiyo yanayomweka mama jikoni saa nyingi. Yaloweke usiku kucha, umwage maji yale. Washia jiko nje, tena bila mfuko wa plastiki, na upikie hapo hapo, hata kama ni chini ya upenu. Yakishatokota kwa nguvu nusu saa, funika sufuria, ulizungushie blanketi ndani ya kikapu na uliache saa mbili tatu. Kisha lirudishe motoni kumalizia. Kazi ya kukaa motoni apewe mwingine ndani ya nyumba, mume akiwemo.

Mvua ikigoma kabisa kukatika, weka jiko mlangoni, fungua na dirisha la upande wa pili ili hewa ipite, na mjamzito akae mbali. Hiyo hupunguza tu, haiondoi. Hakuna namna ya kulala salama na jiko ndani ili kupata joto, hata likifunikwa majivu.

Dalili za gesi hiyo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Wengi husema ni mimba au malaria. Jiulize: je, napata nafuu nikitoka nje? Na wengine ndani wanaumwa kichwa? Ikiwa ndiyo, tokeni wote na uende hospitali hata kama umepata nafuu. Vivyo hivyo mtoto akipunguza kucheza.

Ukifika, sema wazi: “Nilikuwa ndani na jiko la mkaa, nina mimba.” Kile kipimo kinachobanwa kidoleni hakitofautishi gesi hii na oksijeni, kwa hiyo kinaweza kuonyesha uko sawa. Tiba ni oksijeni ya kuvuta, na mjamzito huhitaji kuivuta muda mrefu zaidi kwa sababu ya mtoto.