Alama ya Kuuliza Haina Sauti Yake

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa sentensi ya swali hutambulikana vipi katika mazungumzo, mara nyingi hujibu bila kusita kwamba sauti hupanda mwishoni. Jibu hilo lina upungufu, na upungufu wake huonekana mara tu mtu anapojaribu kuandika kiimbo cha Kiswahili kwa alama. Inafaa walimu waliache, au angalau walipime kabla ya kuliandika ubaoni.

Kiswahili ni lugha inayofaa kwa jaribio hilo. Tofauti na lugha nyingi za Kibantu, hakitumii toni kutofautisha neno na neno. Mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama *barabara* lenye maana ya "sawasawa", ambalo mkazo wake hurudi nyuma silabi moja. Zaidi ya hayo, swali la ndiyo au hapana laweza kuwa na maneno yale yale ya taarifa, bila hata kutanguliwa na *je*. Msikilizaji basi hana msaada mwingine ila muktadha na kiimbo. Ethel Ashton alilitambua jambo hilo, na sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944 ilitaja kiimbo hata katika jina lake.

Mfumo wa alama unaotumika zaidi leo ulianzia katika tasnifu ya Janet Pierrehumbert ya mwaka 1980 kuhusu Kiingereza, na ulitengenezwa kuwa kanuni za pamoja za uandishi, ziitwazo ToBI, mwaka 1992. Fikra yake ni nyepesi. Mchirizi wote wa sauti hauandikwi. Huandikwa vituo vyake tu. Kituo cha juu ni H na cha chini ni L. Kituo kilichoshikamana na silabi yenye mkazo hupewa nyota, kama H*, nacho huitwa toni ya mkazo. Kituo kilicho ukingoni mwa kirai hupewa alama ya asilimia, kama L% au H%, nacho huitwa toni ya mpaka. Kiingereza kina pia toni ya kati baina ya hizo mbili, lakini kwa sentensi fupi za Kiswahili yatosha kuanza na hizi.

Na ichukuliwe sentensi *Mariamu analala*. Imechaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa sauti zake zote ni ghuna. Konsonanti kama k, p na t hukatiza mtetemo wa nyuzi za sauti, na irabu inayozifuata huanza juu kidogo kuliko kawaida. Mtu asiye na uzoefu huona vilima hivyo vidogo katika picha na kudhani ni kiimbo. Sentensi hiyo hurekodiwa na kufunguliwa katika programu ya Praat, ambayo hupatikana bila malipo. Tuseme msemaji ni mwanamke, na takwimu zifuatazo ni za mfano wa kufundishia tu. Katika taarifa, silabi *-a-* ya *Mariamu* yafika hezi 230, silabi *-la-* yenye mkazo yafika 205, na *-la* ya mwisho yashuka hadi 160. Alama zake ni H* H* L%. Katika swali, *-a-* ni 240, *-la-* yapaa hadi 300, kisha ya mwisho yashuka hadi 190.

Hapa ndipo kosa hutendeka. Mwandishi wa alama aliyekwisha kujua kwamba hili ni swali huandika H%, kwa sababu sikio lake limefundishwa kutarajia kupanda. Lakini picha ya sauti inashuka. Kilichopanda ni mkazo wa pili, ambao baadhi ya waandishi wangeuandika ^H* kuonyesha umepandishwa kupita ule uliotangulia, na pengine sentensi nzima imesogea juu. Mpaka wenyewe ni L%, ule ule wa taarifa. Kiimbo cha namna hii, chenye kilele katika silabi ya pili kutoka mwisho na mteremko baadaye, husikika sana katika maswali ya Kiswahili. Wala Kiswahili hakiko peke yake: mwaka 2007 Annie Rialland alionyesha, kwa kuchunguza lugha 78 za Afrika, kwamba sehemu kubwa ya lugha hizo huuliza bila kupandisha mwisho, nyingine zikishusha sauti, zikirefusha irabu au kumalizia kwa pumzi.

H% yenyewe haikosi mahali. Msemaji akisema *Mariamu analala, mama analima*, mara nyingi *-la* ya mwisho kabla ya kituo hupanda. Hiyo ni H% halisi, na hakuna anayeuliza kitu. Kwa hiyo anayelinganisha H% na swali hukosea mara mbili: huiweka isipokuwapo, na huitafsiri vibaya inapokuwapo.

Pierrehumbert na Julia Hirschberg walitoa mwaka 1990 maelezo yanayosaidia. Kwa maoni yao, toni haitaji aina ya sentensi; yaonyesha namna msikilizaji anavyotakiwa kuliunganisha neno alilopewa na yale anayoyajua tayari na yale yatakayofuata. Katika Kiingereza, H* huashiria jambo la kuongezwa katika maarifa ya pamoja, na H% humwambia msikilizaji kwamba kirai kisomwe pamoja na kinachokuja. Kinachokuja chaweza kuwa kirai kingine cha msemaji, au jibu la msikilizaji. Ndiyo maana sauti inayopanda yaweza kutumika kwa swali na kwa maneno yasiyokwisha, ilhali maana yake ya msingi ni moja. Maana ya "swali" huzaliwa baadaye, toni inapokutana na muktadha. Maelezo hayo yalitungwa kwa Kiingereza, na hayana budi kupimwa upya katika lugha nyingine.

Kwa hiyo umbo liandikwe katika safu moja na maana katika nyingine, na ikiwezekana watu tofauti waziandike. Anayeandika toni asijue muktadha. Atazame pia hila za chombo: mwishoni mwa taarifa sauti hukwaruza, na programu yaweza kusoma 80 mahali pa 160. Mruko wa ghafla wa nusu kamili ni kosa la hesabu, si kiimbo.

Waandishi wawili wakikubaliana, makubaliano yao yapimwe kwa uangalifu. Ikiwa silabi 80 katika kila 100 hazina toni ya mkazo, watu wawili wanaobahatisha kwa uwiano huo watakubaliana mara 68 katika 100 (0.8 × 0.8 + 0.2 × 0.2). Makubaliano ya 75 basi ni machache kuliko yanavyovutia macho: yamepita bahati kwa 7 tu kati ya 32 zilizobaki. Hata mabingwa huafikiana vizuri zaidi juu ya kuwapo kwa toni kuliko aina yake.

Jaribio la mwisho ni la kusikiliza. Praat huweza kuchukua mchirizi wa swali na kuupandikiza juu ya rekodi ya taarifa. Kisha kilele cha *-la-* hushushwa kidogo kidogo, kutoka 300 hadi 205, mpaka ukiachwa vile vile ulivyo, na wanafunzi waulizwe kila mara kama wamesikia swali. Wakianza kujibu "hapana" kilele kinaposhuka, basi kilichobeba swali kwao ni mkazo na si mpaka. Darasa la Dar es Salaam litoe jibu lake, na la Mombasa au Lubumbashi litoe la kwake, kwani hakuna sababu ya kudhani kwamba yatafanana.