Ekari moja ya mahindi: ni gunia ngapi zinarudisha fedha yako?

Msimu huu bei ya mahindi ilipoanza kushuka, simu za wasikilizaji zilikuwa na swali moja: je, bado inalipa kulima? Badala ya kujibu kwa maneno ya jumla tuliomba daftari la msikilizaji wetu mmoja, mama wa Mbozi mkoani Songwe, ambaye huandika kila shilingi anayotoa. Alituambia msimu uliopita alivuna gunia 13 katika ekari moja, akauza zote Julai, na akabaki na faida ya shilingi 181,000. Tulikaa naye chini ya mwembe, tukapiga hesabu upya. Bei utakazosoma hapa ni za kijijini kwake, kwa hiyo unapopiga yako weka za kwako.

Daftari lake lilikuwa na vitu vinne. Kulima kwa trekta, 60,000. Mbegu chotara kilo 10, 70,000. Mfuko mmoja wa DAP ya kupandia na mmoja wa urea ya kukuzia, jumla 140,000. Dawa ya viwavijeshi vamizi na kuipulizia mara mbili, 30,000. Hiyo ni shilingi 300,000, na ndiyo hela iliyotoka mkononi mwake.

Tukamuuliza nani alipanda. "Mimi na watoto." Nani alipalilia mara mbili? "Sisi wenyewe." Na kuvuna? Ni wao tena. Kijijini kwake kibarua wa kupanda ekari analipwa 30,000, palizi moja ni 35,000 na kuvuna ni 40,000. Jumla ni 140,000 ambazo hazikuandikwa popote. Shamba nalo ni lake, lakini jirani anakodisha ekari kama hiyo kwa 80,000 kwa msimu. Ukijumlisha vyote, gharama ya ekari yake inafika shilingi 520,000.

Hapa wengi huchukua 520,000 na kugawa kwa bei ya gunia. Yeye aliuza gunia la kilo 100 kwa 45,000, kwa hiyo jibu lingekuwa gunia 11 na nusu, na kwa gunia 13 angejiona yuko salama. Jibu hilo si sahihi, kwa sababu 45,000 haiingii yote mfukoni. Kila gunia lilipukuchuliwa kwa mashine kwa 2,500, likanunuliwa gunia tupu la 1,500, na likabebwa hadi sokoni kwa 4,000. Kwa hiyo kila gunia linakula 8,000 kabla halijakuletea chochote, na kinachobaki ni 37,000. Hiyo 37,000 ndiyo ya kugawia:

Gharama ya ekari ÷ (bei ya gunia − gharama za kila gunia) = gunia za kurudisha fedha

Kwake, 520,000 ÷ 37,000 ni gunia 14 na kidogo. Alipata 13. Ile faida ya 181,000 ni halisi kama hela ya mkononi, kwa kuwa gunia 13 mara 37,000 ni 481,000, ukitoa 300,000. Lakini kama angekodisha shamba lake kwa 80,000, na nguvu zile zile wangeziuza kama vibarua kwa 140,000, nyumba ingeingiza 220,000. Kwa hiyo kulima kulimrudisha nyuma kwa shilingi 39,000. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndiyo maana hela haikutosha ada."

Hatusemi aache kulima. Kibarua hakipatikani kila siku, na mahindi ya ndani hayasubiri bei ya duka. Ila sasa ana namba ya kuamulia, na namba hiyo hubadilika sana bei inapobadilika. Gunia likishuka hadi 35,000 anahitaji zaidi ya gunia 19 kwenye ekari ile ile. Likipanda hadi 60,000 anahitaji 10 tu. Kabla ya kununua mbegu, piga hesabu kwa bei ya chini uliyowahi kuuzia, si kwa bei ya mwaka ulipofurahi.

Angalia pia gunia lenyewe. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Ukijaziwa lumbesa la kilo 115 kwa bei ile ile, shamba lililotoa kilo 1,300 linakupa gunia 11 na ziada kidogo badala ya 13. Kwa bei ya 45,000, umepoteza zaidi ya shilingi 75,000 bila mdudu wala ukame kuhusika. Unyevu nao una hesabu yake. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 20, yakikaushwa hadi 13.5 inayotakiwa na wanunuzi wakubwa, kilo 100 zinabaki kama 92 na nusu. Usihesabu gunia zako yakiwa mabichi.

Sasa gunia zinazopungua zitoke wapi? Wengi hufikiria kuongeza mbolea kwanza. Mfuko wa pili wa urea kwa 65,000 ni lazima ulete karibu gunia mbili za ziada ili ujilipe tu, na shambani kwenye magugu hautazileta. Sisi tungeanza na mashimo matupu, kwa sababu hayo ameshayalipia kulima na mbolea.

Namna ya kuyaona ni hii. Kama mistari yako iko sentimita 75, pima mita 5 na sentimita 40 kwenye mstari mmoja. Kipande hicho ni sehemu moja ya elfu ya ekari. Ukipanda mbegu moja moja kila sentimita 30, panatakiwa pawe na mimea 18. Hesabu mahindi yenye punje yaliyomo, rudia sehemu tano tofauti za shamba, zikiwemo mbaya, kisha upate wastani. Mama yetu alikumbuka shamba lake lilikuwa na mapengo mengi. Wastani wa mahindi 13 ni mahindi 13,000 kwa ekari, na kama mahindi 10 yaliyokauka yanatoa kilo moja ya punje, hizo ni kilo 1,300, yaani gunia zake 13 zile zile. Mashimo yote 18 yangeota, hata kama mahindi yangepungua unene kidogo, angevuka 14.

Mapengo yake tulidhani ni panya. Alipoeleza alivyopanda tukabadili mawazo: watoto walikuwa wanadondosha DAP na mbegu juu yake, bila udongo katikati. Mbolea ikigusa mbegu huiunguza, hasa mvua ikichelewa siku chache. Fukua shimo ukiona halijaota. Ukikuta mbegu imekuwa kahawia na laini pembeni ya chembe za mbolea, ni hiyo. Ukikuta shimo limefukuliwa na mbegu haipo, ndipo umtafute panya. Kurudishia mbegu kufanyike ndani ya wiki moja baada ya nyingine kuota, la sivyo mche mdogo utafunikwa na wenzake.

Msimu ujao amesema atapanda ekari hiyo moja, si mbili kama alivyokusudia. Watoto watafunika mbolea kwanza kwa udongo, halafu mbegu. Gunia tano atazihifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa hadi Januari, na nane atauza Julai kwa ajili ya ada. Daftari lake sasa lina mstari mpya ulioandikwa "sisi wenyewe", na mbele yake ameacha nafasi ya shilingi.