Sifuri Nyingi si Alama ya Fedha Dhaifu



Juma lililopita mwenzetu mmoja alirudi kutoka Kampala na noti ya shilingi 50,000 ya Uganda mfukoni. Aliitoa hapa Kerugoya, karibu na stendi ya magari, na watu wakakusanyika kuitazama. Wengi walicheka. Wakasema fedha yenye sifuri nyingi namna hii ni karatasi tupu, na kwamba shilingi yetu ya Kenya ni yenye nguvu kwa kuwa hununua za Uganda 28 hivi. Tumeona heri tulieleze jambo hili polepole, maana mtu asiyelijua hudanganywa kwa urahisi siku anapozungumzia mshahara wake.

Kwanza, tarakimu iliyo juu ya noti ni kipimo tu. Ukiyapima mahindi yako kwa debe utapata hesabu ndogo. Ukiyapima kwa kibaba utapata hesabu kubwa. Mahindi ni yale yale, wala hukuwa maskini kwa kutumia kibaba. Mfanya kazi anayepata shilingi 15,000 za Kenya kwa mwezi, na mwingine anayepata 420,000 za Uganda, wakikutana mpakani Malaba na kubadilishana kwa 28, mishahara yao ni sawa. Wa pili ana sifuri moja zaidi, lakini hana utajiri zaidi, wala umaskini zaidi.

Basi sifuri hizo zilitoka wapi? Mwaka 1966 nchi za Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kutoa kila moja shilingi yake mahali pa ile shilingi moja ya Afrika Mashariki, na zote tatu zilikuwa sawa kwa sawa. Baadaye Uganda ilipatwa na miaka mingi ya vita na serikali zilizochapa noti kupita kiasi, na bei zikapanda mno. Mwezi wa Mei 1987 serikali ya huko ilifuta noti za zamani. Mtu alipeleka shilingi 100 akapewa 1 mpya, tena akakatwa kodi ya 30 katika kila 100. Hata hivyo bei ziliendelea kupanda kwa miaka kadhaa, na sifuri zikarudi. Kisha bei zikatulia. Noti ya 50,000 ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2003, na hadi leo, zaidi ya miaka 20, ndiyo noti kubwa kuliko zote huko.

Hapo ndipo penye maana. Sifuri ni kovu. Kovu hutuambia kwamba mtu aliumia zamani, lakini halituambii kama leo ni mgonjwa. Kwa ugonjwa wa leo lazima tutazame jambo lingine: je, thamani ya fedha hiyo inakwenda wapi mwezi kwa mwezi?

Tuchukue mwaka 2023, ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa bei ya mafuta na mbolea. Mwanzo wa mwaka huo dola moja ya Amerika ilinunuliwa kwa shilingi 123 za Kenya, na kwa shilingi 3,700 hivi za Uganda. Tuseme mtu wa Kerugoya aliweka shilingi 10,000 ndani ya mkebe, na mtu wa Kampala akaweka 300,000 zake. Kila mmoja alikuwa na kama dola 81. Mwisho wa mwaka dola moja ilikuwa shilingi 156 za Kenya, na za Uganda hazikufika 3,800. Wakafungua mikebe yao. Wa Kampala alikuwa bado na kama dola 79. Wa Kerugoya alikuwa na dola 64. Fedha yenye sifuri nyingi ilisimama, na ile tuliyoiita yenye nguvu ilianguka.

Bei nazo zilisema hivyo hivyo. Desemba 2023 bei katika Kenya zilikuwa zimepanda kwa 6.6 katika kila 100 kuliko mwaka uliotangulia. Uganda zilikuwa zimepanda kwa 2.6 tu.

Sababu haikuwa tarakimu za noti. Serikali yetu ilikuwa imekopa ng'ambo dola milioni 2,000 ambazo zilipasa kulipwa mwezi wa Juni 2024, na wafanya biashara waliogopa kwamba dola hazitatosha. Kila mwenye dola akazishika, na kila mwenye kuzihitaji akazitafuta kwa haraka. Uganda haikuwa na mzigo wa namna hiyo wa kulipa kwa siku moja. Februari 2024 Kenya ilipata mkopo mpya wa ng'ambo wa kulipia sehemu kubwa ya ule wa zamani, na Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi 13 katika kila 100. Hofu ikapungua. Baada ya miezi michache dola ilirudi kwenye shilingi 130 hivi. Muda wote huo hakuna sifuri hata moja iliyoongezwa au kufutwa kwenye noti zetu.

Wengine watauliza: kwa nini basi Uganda isifute sifuri tatu ili heshima irudi? Tazameni Zaire, ambayo leo ni Kongo. Mwaka 1992 ilitoa noti ya zaire milioni 5. Oktoba 1993 serikali ikaanzisha zaire mpya, moja kwa kila milioni 3 za zamani. Lakini noti ziliendelea kuchapwa bila kiasi, na mwaka 1998 hiyo mpya nayo ikaondolewa, 100,000 kwa faranga moja. Kufuta sifuri bila kuondoa kilichozileta ni kama kufua shati la mtu mwenye homa.

Hatusemi kwamba sifuri hazina maana kabisa. Zinapoongezeka mbele ya macho yetu, yaani noti kubwa zaidi ikitolewa kila baada ya miezi michache, hiyo ni dalili ya hatari, na wenye mishahara ndio huumia kwanza. Lakini sifuri zilizokaa mahali pake kwa miaka 20 ni hesabu ya zamani.

Kwa hiyo, ndugu, tunawashauri kipimo kimoja rahisi. Andikeni mshahara wenu wa siku moja. Andikeni bei ya pakiti ya unga ya kilo mbili. Gawanyeni mshahara kwa bei. Tuseme mwaka juzi ulilipwa 500 kwa siku na unga ulikuwa 125: siku moja ilinunua pakiti 4. Leo unalipwa 600 na unga ni 200: siku moja hununua pakiti 3. Tajiri atakuonyesha kwamba mshahara umeongezwa kwa 100, na hasemi uongo. Lakini umepunguziwa pakiti moja ya unga kila siku ya kazi.

Hesabu hiyo yafaa kwa shilingi ya Kenya, ya Uganda, na fedha yoyote yenye sifuri chache au nyingi. Mjumbe wa kila tawi aje na hesabu ya namna hiyo kabla hatujaketi mezani na waajiri, naye aandike bei za dukani kwake mwenyewe, mwezi kwa mwezi.