Usimlipe dereva kwa kilomita za GPS mbichi

Wadau, kuna ugomvi mmoja nauona sana kwetu tunaouza mtandaoni: dereva wa taksi aliyepeleka mzigo anasema kilomita hizi, simu inasema zile. Msimamo wangu ni huu: namba ya GPS ambayo haijasafishwa isitumike kulipana. Mimi ilinifanya nimwite mtu mwizi.

Na dereva wangu tulikubaliana 1,000 kwa kilomita, hesabu inatoka kwenye simu yake inayorekodi safari. Siku hiyo alipeleka maboksi ya viatu kutoka Kariakoo hadi Mwenge. Simu ikasema kilomita 11.3. Njia ile naijua, haifiki hapo, nikamwambia amezungukia mambo yake. Akanijibu, "Dada, njoo usome dashibodi." Alikuwa amepiga picha kabla na baada: 9.7. "Nilipe hiyo hiyo," akasema.

Kilomita zile za ziada zilitoka kwenye foleni. GPS ya simu hukosea mita kadhaa hata gari likiwa limesimama, na kila kosa linahesabiwa kama mwendo. Piga hesabu: foleni ya dakika 10, simu inarekodi kila sekunde 5, hizo ni pointi 120. Kila moja ikiruka mita 6 tu, tayari una mita 720 ambazo gari halijatembea. Kariakoo ndiyo balaa zaidi, kwa sababu mawimbi yanagonga maghorofa kabla ya kufika kwenye simu.

Na haimpendelei dereva kila siku. Simu ikirekodi kila baada ya dakika moja ili kutunza chaji, mstari unakata kona, kilomita zinapungua, na wewe unampunja bila kujua.

Dawa yake ni kuzirudisha pointi barabarani. Ila wengi wanaanza vibaya: wanachukua kila pointi na kuibandika kwenye barabara iliyo karibu nayo zaidi. Pale Magomeni, pointi mbili za safari yetu ziliangukia mtaa wa pembeni. Ukibandika hivyo, inaonekana gari liliingia mtaani, likageuza, likarudi barabara kubwa. Ukiona kwenye ramani yako vijiti vifupi vya kuingia na kutoka, ujue ni ugonjwa huo.

Njia sahihi inaangalia safari nzima. Kila pointi inapewa barabara kadhaa zinazowezekana, halafu yanaulizwa maswali mawili: pointi iko mbali kiasi gani na barabara hiyo? Na kutoka pointi iliyotangulia hadi hii, umbali wa kupita barabarani unafanana na umbali wa moja kwa moja? Kama pointi zimeachana mita 40 lakini kwa barabara ni mita 400, basi mtaa ule si wenyewe. Paul Newson na John Krumm wa Microsoft waliieleza njia hii mwaka 2009, na programu ya bure ya OSRM inafanya kazi kwa mtindo huo juu ya ramani ya OpenStreetMap. Ombi lake liko hivi:

```
https://router.project-osrm.org/match/v1/driving/39.2700,-6.8135;39.2668,-6.8112;39.2632,-6.8089?radiuses=15;15;15&tidy=true
```

Angalia, longitudo inatangulia. Ukigeuza, unapelekwa nje ya nchi kabisa. Hiyo 15 ni mita za kosa unazoikubalia kila pointi. Seva hii ni ya kujaribia tu. Ukiwa na safari nyingi, kijana wako wa tovuti aweke ya kwenu.

Kabla ya kutuma, mimi natupa kila pointi iliyo chini ya mita 20 kutoka ile niliyoibakisha mwisho. Hapo ndipo foleni inapofutika. Kwenye majibu soma `distance`, ambayo ni mita, na `confidence`, inayotoka 0 hadi 1. Ukikuta vipande viwili ndani ya `matchings`, safari imekatika katikati, na kile kipande kilichopotea hakimo kwenye jumla. Usilipe kabla ya kukitazama.

Safari yetu ya Mwenge ilitoka kilomita 9.6. Nikampigia dereva kumwomba radhi.

Lakini ramani nayo ina mwisho wake. Dar tuna nafuu, kwa kuwa mradi wa Ramani Huria ulianza kuchora mitaa yetu mwaka 2015, vichochoro vikiwemo. Bado dereva akipita njia iliyofunguliwa mwezi uliopita, programu itamsukumia barabara kubwa ambayo hakupita, na `confidence` hushuka. Safari za namna hiyo sibishani nazo. Namwomba picha ya dashibodi, nalipa hiyo.