Punguzo kwa Anayelipa Mapema: Tatizo si Istilahi bali Sentensi

Wafanyabiashara wauzao kwa mkopo huandika aghalabu chini ya ankara zao alama 2/10, n/30. Kwa mhasibu alama hiyo haina utata: mnunuzi akilipa ndani ya siku 10 hupunguziwa asilimia 2, na asipoitumia nafasi hiyo hulipa kiasi chote ndani ya siku 30. Utata huanza alama hiyo inapofasiriwa kwa Kiswahili. Hapo juhudi za wafasiri huishia katika kusaka istilahi moja ya kubeba dhana nzima, ilhali kinachomponza msomaji wa ankara si ukosefu wa istilahi bali ulegevu wa sentensi.

Chukua usemi “punguzo la malipo ya mapema”. Mnunuzi aliyezoea “malipo ya awali”, yaani fedha zitangulizwazo kabla ya kukabidhiwa mzigo, huweza kudhani kwamba anatakiwa kutoa rubuni. Wa pili hutafsiri kinyume: kwa kuwa asiyelipa mapema amechelewa, basi asilimia 2 ni adhabu. Hayo siyo makusudio. Anayelipa siku ya 25 hajachelewa. Amepoteza punguzo tu, na deni lake bado limo ndani ya muda.

Ugumu zaidi umo katika hesabu ya siku. Mathalani, ankara ya shilingi 1,000,000 imeandikwa tarehe 3 Juni, na sharti linasema “siku 10 kuanzia tarehe ya ankara”. Neno “kuanzia” huijumuisha siku inayotajwa, hivyo siku ya kumi ni tarehe 12. Lau ingeandikwa “siku 10 baada ya tarehe ya ankara”, mwisho ungekuwa tarehe 13. Na ikiwa mnunuzi ameipokea ankara tarehe 7, atashawishika kuhesabu tangu siku aliyoitia mkononi. Basi analeta shilingi 980,000 tarehe 16 kwa nia safi, na muuzaji anabaki na shilingi 20,000 asizojua kama azidai au azifute. Daftari la wadaiwa lenye masalio mengi ya asilimia 2 kamili ni dalili kwamba sharti linasomwa visivyo. Wanunuzi wakorofi huacha masalio ya kila namna.

Kuna pia suala la usiku, ambalo wafasiri wa alama hiyo hulipita bila kuliona. Katika hesabu ya asili ya Waswahili siku huanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe. Zamani jambo hili halikuwa na athari kwa ankara, kwani duka na benki vilifungwa kabla ya magharibi. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, deni huweza kulipwa saa 5 usiku. “Usiku wa tarehe 13” ni upi basi? Kalenda ya simu ina jibu lake, na mzee wa Lamu ana lake.

Fedha zinazogombaniwa si haba kama zionekanavyo. Mnunuzi anayeliacha punguzo hubaki na shilingi 980,000 kwa siku 20 zaidi na kuzilipia shilingi 20,000. Ukizidisha gharama hiyo kwa mwaka mzima, bila riba juu ya riba, ni takriban asilimia 37. Mnunuzi awezaye kukopa benki kwa chini ya hapo hufaidika kukopa na kulipa mapema. Kwa hesabu hiyo hiyo muuzaji amezinunua fedha zake mwenyewe kwa bei ghali, na akiwapa punguzo hata waliochelewa, amezilipia asichokipata.

Kwa hiyo asilimia ibaki katika vitabu vya mhasibu, na ankara itaje kiasi na tarehe: “Ankara hii ni ya shilingi 1,000,000. Shilingi 980,000 zikiingia zote katika akaunti ya muuzaji kabla ya saa 11 jioni, tarehe 13 Juni, deni lote litakuwa limekwisha. Zisipoingia kufikia wakati huo, zinadaiwa shilingi 1,000,000, na siku ya mwisho ya kulipa ni tarehe 3 Julai.” Kitenzi “zikiingia” kimeteuliwa badala ya “zikitumwa” ili hundi iliyo njiani isihesabiwe kuwa malipo. Neno “zote” humzuia anayelipa nusu asidai nusu ya punguzo. Saa 11 jioni, nayo, huliepuka kabisa suala la usiku, maana jua halijatua.

Watakaopinga watasema sentensi hizi ni ndefu na kwamba kila ankara itahitaji kukokotolewa upya. Ukokotoaji ni kweli, lakini lazima mtu aufanye; tofauti ni kwamba hapa anaufanya muuzaji mara moja, kabla ya mnunuzi kuufanya kwa namna yake.