Permi ya Kongo kule Ontario: barua moja inaweza kukupunguzia mwaka mzima

Mtu wa Butembo ama Beni akipata njia ya kwenda kuishi Kanada, hati anazokumbuka kubeba ni pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na diploma. Permi ya kuendesha gari inabaki mfukoni, kama kitu cha kila siku. Akifika Toronto ama Ottawa, anaambiwa kwamba ile kadi itamtumikia siku 60 tu tangu aanze kuishi pale. Kisha anatakiwa kuwa na permi ya jimbo la Ontario. Hapo njo maswali yanaanza: atabadilishiwa kadi kwa kadi, ama ataanza upya kama mtu ambaye hajashika usukani hata siku moja?

Ontario ina orodha ya nchi ilizopatana nazo. Mwenye permi ya Ubelgiji, Ufaransa, Uswisi ama Japani, kama ana uzoefu wa miaka 2, anapimwa macho, anaacha kadi yake pale na kupewa ya Ontario. Mtihani wa maandishi na ule wa barabarani, vyote anasamehewa. Kongo haimo katika orodha hiyo. Si kwa sababu shofa wa Kongo hajui kazi. Aliyeshusha lori Kanyabayonga wakati wa mvua hana cha kujifunza juu ya breki. Mapatano haya yanasimama juu ya kitu kimoja: nchi moja kuamini mtihani wa nchi ingine. Na hapa kwetu kila mtu anajua kuna permi zilizotoka bila mwenyewe kukaa ndani ya gari la mtihani. Anayeumia ni yule aliyeipata kwa haki.

Lakini kukosa kubadilishiwa si kurudi sufuri, na hili ndilo wengi hawalijui. Kwa Mkongomani, kinachosamehewa si mitihani, ni muda wa kungoja.

Kule Ontario, mtu anayeanza anapanda ngazi tatu. Kwanza anapimwa macho na kufanya mtihani wa maandishi, anapata G1. Mwenye G1 haendeshi peke yake: pembeni yake lazima akae mtu mwenye permi kamili ya miaka 4 au zaidi. Anakaa hivyo miezi 12, ama miezi 8 kama alisoma shule ya udereva inayotambuliwa. Kisha anafanya mtihani wa kwanza wa barabarani, anapata G2, na hapo anaweza kuendesha peke yake. Anangoja tena miezi 12 mbele ya mtihani wa mwisho, ule wa kuingia hata kwenye barabara kuu za mwendo wa kasi, ndipo anapata G, permi kamili. Hesabu yote ni karibu miaka 2.

Mwenye uzoefu wa nje anafanya mtihani ule ule wa maandishi: maswali 40, nusu ya alama za barabarani na nusu ya sheria, na kila upande anatakiwa kupata 16 kwa 20. Anaweza kuufanya kwa Kifaransa, na permi yetu pia iko kwa Kifaransa, kwa hiyo halipi mtafsiri. Kisha kuangalia uzoefu wake. Akihesabiwa mwaka 1, anaenda mtihani wa G2 bila kungoja. Akihesabiwa miaka 2 au zaidi, anaruka G2 na kwenda moja kwa moja kwa mtihani wa G. Ila hiyo nafasi ya kuruka ni moja tu. Akianguka, anashuka kufanya ule wa G2 kwanza.

Sasa barua inaingia wapi? Uzoefu mpaka miezi 12, kadi yenyewe inatosha kuuonyesha. Ukisema una zaidi ya hapo, Ontario inataka barua ya asili kutoka ofisi iliyotoa permi, ama kutoka embasadi ya nchi hiyo. Iwe kwenye karatasi rasmi, na iseme jina, namba ya permi, aina ya magari, tarehe permi ilipotoka mara ya kwanza na kama ingali halali. Hiyo tarehe ya kwanza ndiyo yenye kazi. Kadi iliyofanywa upya mara nyingi inaonyesha tarehe mpya, na shofa wa miaka 10 anaonekana kama mtoto wa jana.

Chukua mfano wa shofa aliyepata permi mwaka 2016, akaifanya upya mwezi wa 9 mwaka 2023, akafika Ottawa mwezi wa 3 mwaka 2025. Kadi inaonyesha mwaka mmoja na nusu. Bila barua, anafanya mtihani wa G2 na kungoja miezi 12 mbele ya G. Akiwa na barua inayosema 2016, anaweza kujaribu G mwezi ule ule. Kwa mtu anayetafuta kazi ya kusafirisha vitu, mwaka huo ni mshahara.

Barua hiyo, mbele ilikuwa kazi ya kufuata ofisi za permi, kwa jina CONADEP, huku jimboni ama Kinshasa. Lakini tangu M23 waingie Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, serikali ya jimbo ilihamia Beni, na aliyepewa permi yake Goma hawezi kurudi pale kutafuta dosia. Ndiyo maana inafaa kuomba barua ukingali huku, kabla ya tikiti ya ndege. Aliyekwisha kufika anabaki na embasadi ya Kongo ya Ottawa. Kwa mwenye viza ya kazi ama masomo hiyo ni safari ya kawaida. Kwa aliyeomba ukimbizi ni mambo mengine: kubisha mlango wa serikali unayosema umeikimbia kunaweza kuleta maswali katika dosia yako. Huyo aongee na mwanasheria wake kwanza. Kama hana njia, achukue ule mwaka mmoja unaohesabiwa bila barua.

Kuna wawili ambao hata barua haiwasaidii sana. Wa kwanza ni aliyepita kambini Uganda miaka mingi na permi yake ikafa. Ontario inaangalia miaka 3 ya mwisho, si maisha yote. Wa pili ni motari. Butembo inajaa vijana waliokula miaka juu ya moto, lakini moto ina permi yake kule, yenye herufi M, na uzoefu wake hauhesabiwi kwa gari.

Na mtihani wa barabarani usidharauliwe. Huko wanaendesha mkono wa kuume kama kwetu, si kama Kasese, kwa hiyo shida si upande. Shida ni kusimama kabisa, magurudumu yasitembee hata kidogo, penye kibao cha kusimama, na kugeuza kichwa kuangalia bega kila unapobadilisha mstari. Shofa wa zamani anaanguka hapo kuliko mwanafunzi.

Anayevuka mto kutoka Ottawa kwenda kuishi Gatineau anaingia Kebek, jimbo lenye sheria zake. Akivuka na permi ya Kongo, kuna mitihani ya Kebek inayomngoja. Akivuka na G ya Ontario, anabadilishiwa bila mtihani.